Kumi Isiyokuwa Kumi

Mama Volti akikaribishwa nyumbani kwa watu, hunusa kwanza, salamu baadaye. Anasimama mlangoni, anainua kidevu, anavuta pumzi mbili fupi, kisha ndipo anauliza habari za watoto. Plastiki ya waya ikianza kupata joto ina harufu yake, na yeye anadai kwamba anaisikia kabla waya wenyewe haujajua kama unaumwa. Kuna nyumba tatu mtaani ambazo hazikuungua kwa sababu ya pua hiyo, na kuna mashemeji wawili wasiomwalika tena kwa sababu hiyo hiyo.

Hakuzaliwa na bisibisi mkononi. Kwa miaka sita alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mkandarasi wa umeme, akichapa barua za wanaume walioandika "kazi imekamilika kwa ustadi wa hali ya juu" kuhusu majengo ambayo taa zake ziliwaka ukibonyeza swichi ya choo. Siku moja kengele ya mlango wa ofisi ilikufa. Mafundi watano walikuwa ndani wakinywa chai. Mmoja alisema yeye ni wa nguzo, mwingine ni wa mota, wa tatu alishauri iundwe kamati. Mpiga chapa akapanda juu ya kiti, akafungua kifuniko, akakuta waya umechomoka, akaurudisha kwa kisu cha kukatia karatasi. Kengele ikalia. Mwezi uliofuata alijiandikisha darasa la jioni la umeme, na tangu hapo, miaka ishirini sasa, hajachapa barua ya mtu.

Mumewe ni mchonga vyuma katika karakana ya vipuri. Mtaa mzima unamwita Kalipa, kwa sababu haendi popote bila kalipa, kile chombo chake cha kupimia, chuma chenye mataya mawili kama mdomo wa ndege na ubao wa namba pembeni. Amepima vifungo vya shati, amepima unene wa sabuni ili ajue nani anaimaliza, na siku ya harusi yake alipima pete mbele ya waalikwa, akatangaza kwamba imepungua nusu milimita kwa upande mmoja. Mama Volti aliolewa naye hivyo hivyo. Anasema mume anayepima ni afadhali kuliko anayekisia.

Kalipa ana dada mkubwa, na hapo ndipo habari yetu ilipo.

Huyo dada, ambaye Mama Volti humwita wifi kama ilivyo haki yake, alipika mikate kwenye viwanda vya watu kwa miaka kumi na minne. Mwaka huu aliamua kupika yake. Alikodi chumba kirefu chenye paa la bati, akanunua tanuri la umeme lililotumika, kubwa kama kabati la nguo, lenye vyumba viwili vya kuokea, kimoja juu ya kingine. Hospitali ilikuwa imekubali kuchukua mikate yake kila siku kuanzia Jumamosi. Kilichobaki ni mkaguzi wa umeme. Alikuja mara ya kwanza, akaukataa mtambo kwa sababu fimbo ya ethi, ya kumwaga ardhini umeme uliovuja, haikuzama vya kutosha, akasema atarudi Ijumaa. Akikataa tena, zamu nyingine ni baada ya mwezi mmoja, na wagonjwa hawawezi kungoja kifungua kinywa mwezi mzima. Hospitali ingetafuta mwokaji mwingine.

Kwa hiyo Jumatano Mama Volti alimwandikia wifi yake kikaratasi cha dukani: "Waya 10. Mmoja wa moto, mmoja wa nyutro, mmoja wa ethi. Mita 20 kila mmoja."

Waya wa moto huleta umeme, wa nyutro huurudisha. Msomaji asiye fundi hataona kosa hapo. Msomaji aliye fundi hataliona pia, na ndiyo shida yenyewe. Kwa kawaida mafundi hawatamki "milimita za mraba". Ni maneno marefu, na mdomo wa fundi mara nyingi umeshika msumari. Husema moja na nusu kwa taa, mbili na nusu kwa soketi, sita kwa jiko la nyumbani, kumi kwa kitu kizito, na muuzaji anaelewa, kwa sababu waya wote dukani kwake unahesabiwa kwa lugha hiyo. Tanuri la wifi lilikuwa la kilowati tisa. Hiyo ni karibu ampea arobaini, na waya wake ungepita juu, chini ya bati linalochomwa na jua tangu asubuhi. Waya wa sita ungebanwa na joto hilo. Kumi ndio uliofaa.

Duka la siku zote halikuwa na kumi. Wifi hakutaka kurudi mikono mitupu, akavuka barabara hadi duka jipya la bidhaa za kontena, akamwonyesha muuzaji kikaratasi.

Alhamisi asubuhi Mama Volti alikuta rola tatu kubwa zimepangwa juu ya magunia ya unga, nyeusi, nyeupe na kijani.

"Wifi, nilisema mita ishirini ishirini."

"Amesema rola za nje hazikatwi. Unachukua nzima au unaacha," wifi alijibu huku akipangusa meza. "Nikachukua. Umeme si utaongezeka baadaye?"

Mama Volti aliinama, akachuna ganda la ncha moja. Akaikodolea macho. Kalipa, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini ili asaidie kushika ngazi, alilijua jicho hilo. Ni lile lile la siku mkwe alipopaka rangi juu ya swichi.

"Kumi ninayoijua mimi ina nyuzi saba zilizosokotwa pamoja," Mama Volti alisema. "Huu ni uzi mmoja. Na mwembamba."

"Soma hapo," wifi alisema. "Mimi si mjinga. Nilihakikisha."

Kweli, kwenye ganda kulikuwa na maandishi madogo meupe yanayojirudia kila baada ya nusu mita, na ndani yake kulikuwa na 10. Lakini baada ya ile 10 zilifuata herufi tatu: AWG.

"Twendeni," Mama Volti alisema, akajitwika mita chache za waya begani.

Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyekaa juu ya rola kama kuku juu ya mayai.

"Mama, imeandikwa kumi," alisema kabla hajaulizwa. "Kumi ni kumi hata ukiisoma umelala chali."

"Sibishani. Unayo namba kumi na mbili?"

"Ninayo."

"Ilete."

Akaileta. Ilikuwa nyembamba kuliko kumi.

"Na kumi na nne?"

Akaileta. Ilikuwa nyembamba kuliko kumi na mbili. Muuzaji alizitazama tatu zile zimelala kando kando kwenye meza yake, kumi ikiwa baba, kumi na nne ikiwa mjukuu. Alikuwa ameziuza miezi minne bila kuzikutanisha.

"Kiwanda kimekosea," alisema.

"Kiwanda hakijakosea. Hii AWG ni namba ya geji, kipimo cha Kimarekani, na geji inahesabu kinyumenyume. Zamani waya ulivutwa kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Kila tundu waya unakonda na namba inapanda. Namba kubwa, waya mwembamba. Hii kumi yako haina undugu na kumi yangu."

Hapo Kalipa aliona wakati wake umefika. Alichomoa chombo chake mfukoni, akaubana waya, akasoma, akafuta kioo cha miwani, akasoma tena.

"Mbili nukta sita," alitangaza. Halafu akamgeukia muuzaji, uso ukiiva. "Mbili na nusu na ushee. Umemuuzia dada yangu waya wa soketi na kumwambia ni kumi. Wewe ungepima nyama na kidole ukaiita kilo nne."

"Aibu," wifi alisema, ingawa hakuwa na uhakika ni ya nani.

"Baba watoto, weka hicho kitu chini kidogo," Mama Volti alisema. "Umepima upana. Sisi tunanunua eneo."

"Upana ndio ukubwa."

"Kwenye bolti. Kwenye waya, chukua kama unakata mkate wa mviringo. Ule uso wa kipande unaouona baada ya kisu, huo ndio milimita za mraba. Umeme hauendi kwa upana, unajaa ule uso wote."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Mikate aliielewa.

Mama Volti alichukua kalamu ya muuzaji, akaandika juu ya boksi. "Upana mbili nukta sita. Nusu yake moja nukta tatu. Izidishe kwa yenyewe, moja nukta sita tisa. Zidisha kwa tatu nukta moja nne. Tano nukta tatu. Kitabu kinasema tano nukta mbili sita, kwa hiyo kalipa yako haijakudanganya, mwenye kalipa ndiye kidogo. Waya wa mbili na nusu wa kweli ungeupima ungepata moja nukta nane hivi."

Kalipa alilitazama lile boksi kwa muda. Miaka ishirini na tano ya kupima vyuma, na leo amefundishwa duara na mkewe juu ya boksi la balbu.

"Kwa hiyo mimi nimesema mbili na nusu, yeye amesema kumi, na ni tano," alisema.

"Tano na robo."

"Basi nilikuwa karibu kuliko yeye."

Mama Volti alimuuliza muuzaji kama ana geji namba sita, maana hiyo ndiyo ingevuka kumi ya milimita za mraba na kubakisha. Namba nane ingeishia nane na kitu. Muuzaji alisema namba sita iko kwenye kontena, na kontena liko njiani. Duka la siku zote lilisema kumi zao zinakuja Jumanne. Walirudi kwenye chumba cha mikate, wifi akiwa mbele, akitembea kama mtu anayehesabu wagonjwa.

Alipofika aliketi juu ya gunia.

"Sema ukweli, wifi. Nimeharibu?"

Hapa Mama Volti angeweza kukohoa na kulaumu muuzaji, na hakuna ambaye angemkatalia.

"Mimi ndiye niliyeharibu," alisema. "Niliandika kumi, sikuandika kumi ya nini. Ungemtuma mtu sokoni akuletee tano, akikuletea tano za pilipili utamlaumu?"

"Ningemlaumu sana."

"Basi nilaumu mimi."

Kalipa alikuwa akigusa vidole vyake kimoja kimoja. Alikuwa anapiga hesabu. "Ngoja," alisema. "Tano na robo, mara mbili, ni kumi na nusu. Sokota mbili pamoja. Umepata kumi yako na baki."

"Hesabu ni sahihi," Mama Volti alisema, na Kalipa akavimba. "Lakini siku skrubu moja ikilegea, waya mmoja utaachia, na ule mwingine utabeba mzigo wote peke yake. Breka ya arobaini, hiyo swichi inayojizima umeme ukizidi, haitajua. Itaona arobaini zinapita kama kawaida, itakaa imetulia, na waya utapikwa darini pamoja na mikate. Sifungi kitu ambacho kinategemea skrubu mbili ziwe na moyo mmoja."

Alizunguka nyuma ya tanuri, si kwa sababu alikuwa na wazo, bali kwa sababu hakutaka kumtazama wifi usoni. Kulikuwa na kibati cha kiwandani, kimefunikwa na unga wa mwenye tanuri wa zamani. Akakifuta kwa kidole gumba. Hakikuandikwa kilowati tisa. Kiliandikwa nne na nusu, alama ya kujumlisha, nne na nusu.

Alifungua kifuniko cha viunganishi. Chumba cha juu kilikuwa na koili zake na nyaya zake, cha chini kilikuwa na zake, na kilichovifanya vitumie umeme mmoja ni vipande viwili vidogo vya shaba vilivyoruka kutoka skrubu hadi skrubu, kimoja upande wa moto, kimoja upande wa nyutro. Mtu yeyote mwenye bisibisi angeweza kuvitoa.

"Wifi," aliita, sauti ikitokea nyuma ya chuma, "hili si tanuri moja. Ni mawili yaliyooana."

"Sasa?"

"Sasa nayaachanisha. Kila chumba kipate njia yake ya umeme. Ampea ishirini hivi kila kimoja badala ya arobaini pamoja. Huu waya wetu wa tano na robo, hata chini ya bati, unabeba thelathini na kidogo. Naweka breka ya ishirini na tano kila upande. Breka inalizidi tanuri, waya unaizidi breka. Kila mmoja anamlinda aliye mbele yake."

"Waya tunao wa kutosha?" Kalipa aliuliza.

Wote watatu waligeuka kuzitazama zile rola tatu ambazo hazikatwi. Wifi alianza kucheka kwanza.

Walivuta waya mpaka jua likaanza kuegemea. Mama Volti alitumia paipu mbili zilizoachana kwa upana wa kiganja, ili njia moja isiipashe nyingine moto. Kila ncha nyeusi aliizungushia utepe wa kahawia, rangi ya moto, na kila nyeupe utepe wa buluu, rangi ya nyutro, kwa sababu kuna majengo ya zamani ambamo mweusi ndio nyutro, na fundi ajaye asije akasalimiana na moto akidhani ni nyutro. Kalipa alishika ngazi, akapima paipu zote mbili bila kuombwa, akaripoti kwamba zinalingana. Mwisho, karibu na tanuri, Mama Volti alifunga swichi moja kubwa inayokata njia zote mbili kwa mkono mmoja.

Ijumaa saa tatu mkaguzi alifika. Alikuwa mtu mkavu mwenye tochi ndefu na jalada, na viatu vilivyoonekana kuchukia unga. Alikagua fimbo ya ethi, akaitikia. Alipima hiki na kile, akaitikia. Alifika kwenye sanduku la breka, akamulika waya, akasoma maandishi.

"Kumi," alisema. "Vizuri. Umetumia kumi." Akainua kalamu.

Wifi alishika ukingo wa meza. Kalipa alitazama dari. Kalamu ikishuka tu, mikate ingetoka kesho.

Mama Volti alijua pia kitakachofuata baada ya miaka miwili au mitatu. Tanuri litabadilishwa, fundi mwingine atasoma kwenye jalada la serikali kwamba hapa pana kumi, ataweka breka ya arobaini na tano, atakwenda zake akipiga mluzi. Na yeye, Mama Volti, atakuwa anapita mtaani siku moja, atanusa.

"Si kumi, mkaguzi," alisema.

Kalipa alifumba macho.

"Imeandikwa kumi."

"Ni kumi ya geji. Ni waya wa nje."

Mkaguzi alimulika tena, safari hii kwa karibu. Akasoma herufi tatu. Shingo yake ikabadilika rangi taratibu kuanzia kwenye kola. "Ninaona," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameona tangu jana. "Nilikuwa nakujaribu. Una kipimo?"

Kalipa alikuwa amekwisha kumpa. Mkaguzi aliubana mkia wa waya uliobaki, akasoma, akakunja uso.

"Mbili nukta sita. Basi huu ni mbili na nusu. Fundi, breka ya ishirini na tano hapa haifai kabisa."

"Hiyo ni upana," Kalipa alisema kwa upole mkubwa, kama profesa. "Kata mkate wa mviringo, mkaguzi."

Ilichukua dakika kumi na nyuma ya fomu moja. Kalipa alifundisha, akakosea mahali pa nukta, wifi akamsahihisha. Mkaguzi alipopata tano nukta tatu kwa mkono wake mwenyewe, aliirudisha kalipa. Aliomba tanuri liwashwe vyumba vyote viwili, akangoja robo saa, akaubana kila waya wa moto kwa mita yake ya mdomo, ile inayosoma ampea. Kumi na tisa na nusu. Kumi na tisa na nusu. Akagusa paipu kwa nyuma ya mkono. Mama Volti yeye alinusa tu, akaonekana kuridhika.

"Tatizo ni fomu," mkaguzi alisema hatimaye. Akawaonyesha. Kulikuwa na visanduku vya kutia alama: moja na nusu, mbili na nusu, nne, sita, kumi. Tano na robo haikuwepo. Serikali haikuwahi kuifikiria.

"Tia sita," wifi alisema haraka. "Iko jirani."

"Hatupandi juu. Tunashuka." Mkaguzi aliangalia jedwali lililobandikwa ndani ya jalada lake, akafuata mstari kwa kalamu, akahesabu na joto la bati. "Hata ungekuwa wa nne tu, hiyo ishirini na tano yako ingekaa." Akatia alama kwenye nne, na pembeni, kwa herufi ndogo safi, akaandika ukweli wote: geji 10, tano nukta mbili sita, njia mbili. Akapiga sahihi. Akakung'uta unga viatuni, akaaga.

Wifi alisimama na karatasi mkononi, akiisoma kama barua ya mchumba.

"Sasa nieleweshe," alisema. "Nimenunua kumi. Ndugu yangu akasema mbili na nusu. Wewe tano na robo. Serikali imesema nne. Mimi nimepika na waya gani?"

"Bado hujapika," Mama Volti alisema. "Vyumba vyote viwili vimeshika moto na hakuna kitu ndani. Lete unga, wifi."